Kibwagizo cha Shujaa wa Katuni: Namna ya Kukitunga na Kukigeuza kwa Furaha, Huzuni na Taharuki

Maswali yanayokuja kwa wanaoanza kutungia katuni muziki ni yaleyale. Kibwagizo kiwe kirefu kiasi gani? Nikitaka huzuni, si nigeuze tu kutoka meja kwenda maina? Mbona nimekirudia mara kumi na watazamaji hawakikumbuki? Mwongozo huu unayajibu kwa kazi yenyewe, kuanzia nota ya kwanza hadi faili unayomkabidhi mhariri.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Shujaa wetu ni Chausiku, binti wa miaka kumi anayeishi pwani na ngalawa ya babu yake, katika katuni ya dakika 11. Ana matukio matatu ya kushughulikia: siku anapoitoa ngalawa peke yake kwa mara ya kwanza, jioni anapoelewa kwamba babu hatarudi, na usiku wa bamvua anapomtafuta mdogo wake kwenye mikoko huku maji yanajaa.

Nota nimeziandika kwa sol-fa, kwa sababu yeyote aliyepita kwenye kwaya anaisoma bila shida. Alama ya nukta pacha inatenganisha mapigo, nukta moja inagawa pigo nusu kwa nusu, kistari kinaendeleza sauti iliyotangulia, na mkato baada ya herufi unaishusha oktavu moja, ukiwa juu unaipandisha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha iliyofungwa, yaani mwongozaji amekuhakikishia kwamba hakuna fremu itakayoongezwa wala kukatwa. Kama bado, fanyia kazi video ya michoro ya awali kwa kutunga tu. Usianze kupanga muda.
- Idadi ya fremu kwa sekunde. Muulize mchoraji, usikisie. Mara nyingi ni 24 au 25.
- Sauti za mazungumzo, hata kama ni za majaribio.
- Kinanda chochote, na programu ya kurekodia inayoweza kuonyesha video. Kama unataka kuandika nota tu kwanza, MuseScore ni ya bure na inatosha.
- Karatasi. Kichwa cha kibwagizo hutungwa vizuri zaidi kwa mdomo na karatasi kuliko mbele ya skrini yenye ala mia mbili za kuchagua.

Hatua ya 1: Chagua mahali ambapo kibwagizo kitasikika

Tazama katuni yote bila muziki na uandike dakika na sekunde za kila mahali ambapo hali ya Chausiku inabadilika. Angalia neno hilo: inabadilika. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kupiga kibwagizo kila shujaa anapoingia kwenye picha. Kwa katuni ya dakika 11 shujaa huonekana karibu muda wote, kwa hiyo ukifuata njia hiyo utakuwa umetengeneza mlio wa simu. Mara tano hadi saba zinatosha.

Kati ya hizo, mbili za kwanza ziwe kibwagizo kamili, wazi, bila kugeuzwa. Hili ndilo jambo ambalo mwongozo wote huu unalitegemea. Mtazamaji hawezi kukikosa kitu ambacho hajawahi kukisikia. Ukikivunja kibwagizo kwenye tukio la huzuni kabla hajakijua kikiwa kizima, kwake huo ni muziki wa huzuni tu, na kazi yako yote ya kugeuza imepotea.

Hatua ya 2: Tunga kichwa cha nota nne au tano

Kichwa ni ile sehemu fupi ambayo hata ikisikika peke yake mtu anasema, "Huyo Chausiku." Lazima kiwe na kitu kimoja au viwili tu vya kushika masikio: mruko, mdundo wa kipekee, au vyote viwili. Vikizidi viwili havikumbukwi.

Kwa Chausiku tumechukua mruko wa kutoka doh kwenda soh, kwa sababu kitendo chake kikubwa ni kupandisha tanga. Doh inakaa pigo moja na nusu, soh inaingia kwa nusu pigo, kisha sauti inapanda hatua moja hadi lah na kurudi. Hilo ni umbo ambalo unaweza kulichora kwa kidole hewani: ruka, panda kidogo, rudi.

Sasa kifanyie jaribio. Mwimbie mtu mara tatu kwa "la la la", bila kinanda. Zungumzeni mambo mengine kwa dakika kumi, kisha mwambie akuimbie. Akikosea nota lakini akapata umbo na mdundo, kichwa kimefaulu. Akipata nota mbili za kwanza na kupotea, kifupishe. Usiwe na huruma na kichwa kinachohitaji kusindikizwa na kinanda ndipo kieleweke, maana kwenye tukio la huzuni utakihitaji kiwe uchi.

Hatua ya 3: Kamilisha sentensi

Kichwa kinahitaji jibu. Hiki hapa kibwagizo kizima cha Chausiku, vipimo vinne:

```
Doh ni D, 4/4
| d :-.s :l :s | m :- :r :- | d :-.s :l :t | d' :- :- :- |
```

Kipimo cha pili kinaishia kwenye ray, mahali ambapo sikio halitulii. Kipimo cha tatu kinaanza upya kwa kichwa kilekile lakini safari hii hakirudi nyuma: kinapita te na kufika doh ya juu. Hiyo doh ya juu ndiyo tanga limejaa upepo. Ihifadhi vizuri akilini, kwa sababu kwenye tukio la huzuni na la taharuki tutaificha makusudi.

Jumla ni mapigo 16. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika ni sekunde 8, na kichwa peke yake ni sekunde 2. Kibwagizo kikivuka sekunde 12 hivi, utakuta hakuna tukio la katuni linalokitosha na utakuwa unakikatakata kila mara.

Hatua ya 4: Amua kisichobadilika

Andika juu ya karatasi yako, kabla hujagusa toleo lolote, vitu ambavyo hutavigusa. Kwa Chausiku ni viwili: umbo la kichwa (ruka, panda, rudi) na ile ndefu-fupi ya mwanzo. Vingine vyote ni ruhusa: mwendo, ala, meja au maina, urefu, sauti za chini.

Katika toleo lolote unaweza kulegeza kimoja kati ya hivyo viwili, si vyote. Ukibadilisha nota, mdundo ubaki. Ukivunja mdundo, nota zibaki. Ukivunja vyote umetunga wimbo mwingine, hata kama wewe mwenyewe unauona undugu wao kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Toleo la furaha, na hesabu ya fremu

Chausiku anaisukuma ngalawa majini, anarukia ndani, anavuta kamba, na tanga linajaa upepo. Tunataka doh ya juu iangukie pale pale tanga linapojaa.

Hesabu mapigo kutoka mwanzo wa kibwagizo hadi doh ya juu: ni 12. Kisha hesabu fremu kutoka mahali muziki unapoanza hadi tanga linapojaa. Kwenye video yetu ya fremu 24 kwa sekunde, ni fremu 156, yaani sekunde 6 na nusu.

```
fremu kwa pigo = fremu hadi tukio / mapigo hadi tukio
156 / 12 = 13

BPM, yaani mapigo kwa dakika = fremu kwa sekunde x 60 / fremu kwa pigo
24 x 60 / 13 = 110.77
```

Weka 110.77 kwenye programu yako. Usirudi kwenye 120 kwa sababu ni namba nzuri. Kwa 120 kila pigo ni fremu 12, kwa hiyo doh ya juu ingefika fremu ya 144, nusu sekunde kabla ya tanga, na mtazamaji angeona muziki umemwambia habari kabla ya picha. Kama ni lazima ukosee, kosea kwa kuchelewa: fremu moja au mbili za kuchelewa hazionekani, lakini za kuwahi zinaonekana.

Furaha yenyewe isitafutwe kwenye nota, ipo tayari. Itafute chini yake. Mdundo wa sita kwa nane kama wa chakacha unakaa vizuri hapa: kila pigo linagawanyika mara tatu, doh ya mwanzo inashika pigo zima na sehemu mbili za pigo linalofuata, na soh inalegea kutoka nusu pigo kuwa theluthi. Ndefu-fupi bado ipo, ila sasa inacheza. Mpe marimba kibwagizo na ngoma ndogo mdundo, na acha besi ipige kwenye mapigo ya kwanza na ya tatu tu.

Onyo kuhusu filimbi, kwa sababu karibu kila anayeanza huichagua kwa mtoto. D ya karibu na C ya kati ya kinanda iko kwenye sauti za chini kabisa za filimbi ya okestra, ambako haina nguvu. Ngoma zitaimeza. Ipandishe oktavu moja.

Hatua ya 6: Toleo la huzuni

Sasa lile swali la maina. Ndiyo, utageuza kwenda maina, lakini elewa kwa nini inafanya kazi kwenye kibwagizo hiki. Anza kwenye D ileile, lakini ifanye kuwa lah:

```
Doh ni F, 4/4 (lah ni D)
| l, :-.m :f :m | d :- :t, :- |
```

Imba ya kwanza, halafu hii. Umbo ni lilelile. Lakini kwenye meja, hatua ya juu ya kichwa ilikuwa soh kwenda lah na kurudi, sauti nzima. Hapa ni me kwenda fah na kurudi, nusu sauti. Ile fah inayoangukia me ni kama pumzi ya mtu anayejizuia kulia, na huzuni yote ya toleo hili inakaa hapo. Kama kibwagizo chako hakina sehemu kama hiyo, kukigeuza kwenda maina kutakipaka giza tu bila kukiumiza.

Tukio lina sekunde 32. Chausiku anaingia bandani, anaikuta ngalawa imepinduliwa na tanga limekunjwa. Bibi yuko mlangoni.

Sekunde 8 za kwanza hazina muziki, ni mawimbi tu. Anapoligusa tanga ndipo kichwa kinaanza, kwa mapigo 60 kwa dakika, fremu 24 kwa kila pigo. Vipimo viwili ni sekunde 8, vinaishia sekunde ya 16. Hapo Chausiku anauliza, "Bibi, babu atarudi lini?" Muziki unyamaze. Bibi hajibu. Sekunde ya 22 kichwa kinajaribu tena: lah, me, fah, kisha kinakatika juu ya fah. Hakirudi kwenye me. Ishike fah hadi ififie yenyewe kwenye sekunde ya 28 na uache nne za mwisho ziwe kimya.

Doh ya juu haipo kabisa. Mtazamaji hataweza kueleza kinachokosekana, lakini atakikosa.

Ala ibadilike pia, na sababu ni ya kimwili. Nota ya marimba hufa haraka baada ya kupigwa. Kwa mwendo wa 110 hilo halisikiki, ila kwa 60, kipimo cha pili kina nota za mapigo mawili mawili, na kila moja itaacha shimo. Tumia ala inayovuta sauti: fidla, sello, au hata mtu mmoja anayeimba kwa kufumba mdomo. Na kwa kuwa kuna mtoto anayezungumza, kishushe kibwagizo oktavu moja. D yetu ya mwanzo ina mitetemo kama 294 kwa sekunde, ambayo ni palepale sauti ya mtoto inapokaa. Oktavu ya chini ni 147, na hapo sello inampisha.

Kuna huzuni ya namna nyingine, ya kukumbuka mtu kwa upendo, ambayo hutokea baadaye Chausiku anapovaa kofia ya babu. Kwa huzuni ya namna hiyo usiende maina. Acha nota zote za meja kama zilivyo, punguza mwendo, na badilisha sauti ya chini peke yake: badala ya besi kukaa doh chini ya kichwa, iweke lah ya chini, kisha kwenye kipimo cha pili iweke fah. Kibwagizo kinabaki na tabasamu huku ardhi iliyo chini yake imeshuka. Watunzi wengi wanaoanza huipita njia hii kwa sababu kwenye karatasi inaonekana hakuna kilichofanyika.

Hatua ya 7: Toleo la taharuki

Taharuki haitokani na kuongeza kasi. Hutokana na kibwagizo kinachojaribu kusema sentensi yake na kukatishwa, kila mara mapema zaidi.

Kwanza haribu mruko. Soh inashuka nusu sauti na kuwa fe, na lah inakuwa soh:

```
Doh ni D
| d :-.fe :s :fe |     mapigo 4
| d :-.fe :s |         mapigo 3
| d :-.fe |            mapigo 2
```

Umbo bado ni ruka, panda, rudi, kwa hiyo Chausiku yumo. Lakini kutoka doh hadi fe ni umbali ambao sikio linaukataa, na hautulii popote. Besi ishike D moja ya chini bila kuondoka. Ikianza kutembea, taharuki inageuka kuwa safari.

Sasa ufupishaji. Mwendo ni 144, yaani fremu 10 kwa pigo, na haubadiliki hata kidogo. Piga kichwa cha mapigo manne mara mbili, cha matatu mara mbili, cha mawili mara mbili. Hayo ni mapigo 18, fremu 180, sekunde 7 na nusu. Mtazamaji ataapa kwamba muziki umekimbia. Kwenye picha, maji yanapanda kutoka kiunoni mwa mdogo wake hadi kidevuni katika muda huohuo.

Kisha ukimya wa fremu 24. Mkono wa Chausiku unaushika mkono wa mtoto kwenye fremu ya 204 tangu muziki uanze, na hapo ndipo doh ya juu inarudi kwa mara ya kwanza tangu siku ya tanga, na kibwagizo cha meja kikiwa kamili nyuma yake. Usiuogope ule ukimya. Mwongozaji akikuomba uujaze na ngoma, mwombe atazame matoleo yote mawili kwanza.

Kosa linalojirudia hapa ni kutumia filimbi za hofu, vinanda vya kutetemeka na ngoma kubwa vilivyokuja na programu, na kibwagizo kikaachwa nje kabisa. Matokeo yake yanatisha, lakini hayamhusu Chausiku. Tukio lolote la katuni yoyote lingeweza kuyatumia.

Yakikataa: dalili na tiba

*Watu hawatambui kwamba ni kibwagizo kilekile.* Gonga mdundo wa toleo lako mezani kwa kidole, bila nota. Kisha imba nota zake zote kwa urefu sawa, bila mdundo. Angalau njia moja kati ya hizo mbili inapaswa kumkumbusha msikilizaji. Kama zote mbili hazimkumbushi, rudi Hatua ya 4.

*Huzuni inasikika kama amekuja adui.* Maina, sauti ya chini na ngoma vikikaa pamoja hutoa kitisho. Ondoa ngoma kwanza. Mara nyingi inatosha. Kama bado, punguza nguvu ya mwanzo wa kila nota ili sauti iingie taratibu.

*Muziki uko sawa mwanzoni lakini haufiki kwenye tukio kwa wakati.* Umekosea fremu kwa sekunde. Mfano wetu wa fremu 156 kwenye video ya 25 ni sekunde 6.24, si 6.5, kwa hiyo doh ya juu itachelewa robo sekunde. Rudia hesabu: 25 x 60 / 13 ni 115.38.

*Ukiweka kwenye video, muziki unakwenda haraka na umepanda sauti.* Umetoa faili la sampuli 44,100 kwa sekunde na mradi wa video umelisoma kama la 48,000. Kasi huongezeka kwa karibu asilimia 9 na sauti hupanda kama nusu sauti moja na nusu. Toa faili upya kwa 48,000.

*Ala ya asili haiendi na kinanda.* Ilimba ya Wagogo, kwa mfano, ina mpangilio wake wa sauti ambao si wa kinanda, na huenda nota za kibwagizo chako hazimo. Rekodi kila ulimi wa ala hiyo kabla ya kutunga, uone una sauti zipi. Kama lah haimo, ipe ala hiyo ule mdundo wa ndefu-fupi kwenye nota ilizonazo na uache umbo kwa mwimbaji.

*Mhariri anashusha muziki wote ili mazungumzo yasikike.* Mkabidhi mafaili matatu badala ya moja: kibwagizo peke yake, sauti za chini na za kusindikiza, na ngoma. Yote yaanze kwenye fremu ileile, hata kama faili la ngoma lina kimya cha sekunde 20 mwanzoni. Yape majina yenye muda wa kuanzia, kwa mfano `chausiku_huzuni_00-04-12_kibwagizo.wav`, ili ayaweke mahali pake bila kukupigia simu. Akihitaji nafasi atashusha ngoma, na kibwagizo kitabaki.